Theluthi au Mkupuo: Stopu Ndiyo Inayoamua

Treda anayetaka kununua dhahabu ana njia mbili za kutia mzigo wake sokoni. Anaweza kubofya mara moja akaingia na kiasi chote alichopanga. Anaweza pia kukigawa mafungu matatu yanayolingana, akaingiza la kwanza, akatazama bei inakwenda wapi, ndipo akaongeza la pili na la tatu. Matreda wengi wadogo huambiwa kuwa njia hii ya pili ndiyo ya busara kwa sababu mtu anaingia kidogo kidogo. Ushauri huo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili iko kwenye stopu, na asiyeifahamu anaweza kugawa mzigo wake mara tatu na bado akajikuta amebeba hatari kubwa kuliko yule aliyeingia kwa mkupuo.

Makala haya yanafuata biashara moja ya mfano tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hesabu ambazo msomaji anaweza kuzirudia kwa kalamu na karatasi. Nimechagua dhahabu, ambayo kwenye programu za MetaTrader huandikwa XAUUSD, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Kwa kawaida loti moja ni wakia 100, hivyo loti 0.01, ambayo ndiyo ndogo kabisa kwa mabroka wengi, ni wakia moja. Bei ikipanda dola moja, mwenye loti 0.01 amepata dola moja. Ikishuka dola moja, amepoteza dola moja.

Kuingia kwa mkupuo

Tuseme treda ana akaunti ya dola 3,000, na kanuni yake ni kutohatarisha zaidi ya asilimia 1 katika biashara moja. Hapo anaruhusiwa kupoteza dola 30 na si zaidi. Bei ya dhahabu iko 2,400. Kwenye chati anaona kwamba bei imeshuka mara mbili hadi 2,392 na mara zote mbili wanunuzi wameisukuma juu. Wazo lake ni kwamba sapoti hiyo itashika na bei itapanda hadi 2,430. Wazo hilo litakuwa limekufa bei ikiivunja 2,392 kwa uwazi, kwa hiyo anaweka stopu chini kidogo ya hapo, kwenye 2,390.

Stopu ni oda inayomwambia broka afunge biashara pindi bei ikifika mahali fulani. Kutoka 2,400 hadi 2,390 ni umbali wa dola 10. Anachukua dola 30 alizoruhusiwa kupoteza, anazigawa kwa 10, anapata wakia 3, yaani loti 0.03. Ananunua zote kwa pamoja. Bei ikigonga 2,390 amepoteza dola 30, na ikifika 2,430 amepata dola 90.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hesabu inafanywa mara moja na haibadiliki. Bei ya kuingilia ni moja na stopu ni moja. Stopu yenyewe imekaa mahali palipochaguliwa na chati, chini ya sapoti, na bei ina dola 10 za kupumua kabla ya kuifikia. Kasoro yake iko wazi pia: akikosea, amekosea na mzigo wote. Bei ikianguka dakika ishirini baada ya kuingia, dola 30 nzima zimekwenda.

Theluthi zinazofuata bei juu

Treda wa pili ana akaunti kama hiyo, wazo hilo hilo na shabaha hiyo hiyo ya 2,430. Yeye anagawa. Wakia ya kwanza ananunua 2,400. Ya pili atanunua bei ikifika 2,406, kwa kuwa hapo soko litakuwa limeanza kumthibitishia. Ya tatu atanunua 2,412. Stopu yake ni ile ile ya 2,390.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kwa kuwa jumla ya mzigo ni loti 0.03 kama ya mwenzake, na stopu iko mahali pamoja na ya mwenzake, anaamini hatari ni dola 30. Tuihesabu. Wakia ya kwanza iko dola 10 juu ya stopu, ya pili dola 16, ya tatu dola 22. Jumla ni dola 48. Badala ya asilimia 1 ya akaunti amehatarisha asilimia 1.6, na hakuna mahali popote kwenye skrini palipomwonya.

Sababu ni wastani. Ukinunua 2,400, 2,406 na 2,412 kwa kiasi sawa, wastani wa bei yako ni 2,406. Stopu haijasogea, lakini wewe umesogea mbali nayo, na umbali sasa ni dola 16 badala ya 10. Kila theluthi unayoongeza juu inarefusha njia ya kurudi hadi kwenye stopu, na wakati huo huo inaongeza uzito wa mzigo utakaorudi kwa njia hiyo.

Kuna njia mbili za kuirudisha hatari hiyo kwenye dola 30, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni kupunguza mzigo. Gawa dola 30 kwa umbali wa wastani, dola 16, utapata wakia isiyofika 2. Sasa jaribu kuzigawa mara tatu wakati broka hakubali chini ya wakia moja. Haiwezekani. Ili kubeba wakia 3 kwa mtindo huu, stopu ikibaki 2,390 na hatari ikibaki asilimia 1, treda anahitaji akaunti ya dola 4,800. Mwenzake wa mkupuo anabeba mzigo huo huo kwa 3,000. Kwa mwenye akaunti ndogo, hiki ndicho kizuizi halisi cha theluthi, na ni heri akijue kabla ya kuanza.

Ya pili ni kupandisha stopu kila mzigo unapoongezeka. Akiwa na wakia mbili, wastani ni 2,403. Stopu ya 2,390 ingemgharimu dola 26, kwa hiyo inaweza kubaki ilipo. Akiongeza ya tatu, wastani unakuwa 2,406, na ili hasara isizidi dola 30 stopu haiwezi kuwa chini ya 2,396. Hesabu imenyooka. Swali linalobaki ni kama 2,396 ina maana yoyote kwenye chati.

Safari nne za bei

Jibu la swali hilo linaonekana tukiziacha bei zisafiri kwa njia tofauti na kuwaangalia matreda wetu wawili, mmoja wa mkupuo mwenye stopu 2,390, mwingine wa theluthi anayeipandisha hadi 2,396 baada ya fungu la tatu.

Katika safari ya kwanza bei inaanguka moja kwa moja kutoka 2,400 hadi 2,390. Wa mkupuo anapoteza dola 30. Wa theluthi alikuwa ameingia na wakia moja tu, anapoteza dola 10. Hapa ndipo theluthi inapolipa: wazo linalokufa mapema linakufa na sehemu ndogo ya mzigo.

Katika safari ya pili bei inapanda hadi 2,407, inamchukua theluthi ya pili, kisha inarudi hadi 2,390. Wa mkupuo amepoteza dola 30, wa theluthi 26. Tofauti imekaribia kuisha.

Katika safari ya tatu bei inakwenda moja kwa moja hadi 2,430. Wa mkupuo anapata dola 90. Wa theluthi anapata 30 kwa wakia ya kwanza, 24 kwa ya pili na 18 kwa ya tatu, jumla 72. Dola 18 alizokosa ndiyo ada aliyolipa kwa ajili ya ulinzi wa safari ya kwanza.

Safari ya nne ndiyo inayouma. Bei inapanda hadi 2,413, inamjaza wa theluthi mzigo wote, kisha inapumzika kwa kushuka hadi 2,395, halafu inageuka na kwenda 2,430. Sapoti ya 2,392 haikuguswa na wazo la wote wawili lilikuwa sahihi. Wa mkupuo anavuna dola 90. Wa theluthi ametolewa kwenye 2,396 na kupoteza dola 30 zote. Alikosea stopu. Aliiweka mahali ambapo mfuko wake ulidai, na soko halina habari na mfuko wake.

Safari ya nne hutokea mara nyingi, kwa sababu soko la dhahabu halipandi kwa mstari ulionyooka. Hupanda, hurudi nyuma, hupanda tena. Takwimu kubwa za Marekani, kama ajira na mfumuko wa bei, hutoka saa 2:30 asubuhi kwa saa za New York. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa 9:30 alasiri, au saa 10:30 jioni katika miezi ambayo Wamarekani wamerudisha saa zao nyuma. Dakika hizo spredi hupanuka na mshumaa mmoja unaweza kugusa juu na chini kabla haujaamua upande. Stopu iliyobanwa kwa hesabu ya mfuko huondoka kwanza.

Mahali pa kuongezea

Dawa yake ni kuchagua vituo vya kuongezea kwa kufuata chati. Kuongeza kila dola 6 kwa sababu tu ni dola 6 hakumpi treda mahali pa kusogezea stopu. Kuongeza baada ya soko kutengeneza bonde jipya lililo juu ya lile la zamani kunampa.

Turudi kwenye mfano. Treda ameshika wakia mbili, za 2,400 na 2,406. Bei inapanda hadi karibu 2,412, inarudi nyuma hadi 2,403, kisha inapata wanunuzi na kuanza kupanda tena. Sasa soko limemwonyesha kitu ambacho hakikuwepo mwanzoni: wanunuzi wako tayari kuingia juu kabisa ya sapoti ya zamani. Bei inaporudi 2,412 ananunua wakia ya tatu, na stopu ya mzigo wote anaileta 2,401, chini kidogo ya bonde jipya.

Stopu hiyo ikigongwa, wakia ya kwanza inatoka na faida ya dola 1, ya pili inapoteza dola 5, ya tatu inapoteza dola 11. Jumla ya hasara ni dola 15. Mzigo umekamilika, hatari imeshuka hadi nusu ya ile iliyoruhusiwa, na stopu imekaa mahali ambapo ikifikiwa wazo la kupanda limepoa kweli. Bonde hilo lisipotokea, theluthi ya tatu haiingii, na treda anaendelea na mbili alizonazo bila manung'uniko.

Utaratibu wa kuongeza mzigo na kupandisha stopu kwa pamoja una historia ndefu. Kielelezo chake kinachojulikana zaidi ni kile cha Chicago, ambako Richard Dennis na William Eckhardt, kuanzia mwisho wa 1983, waliwafundisha watu ambao wengi wao hawakuwa na uzoefu kufanya biashara ya bidhaa na sarafu kwa kanuni zilizoandikwa. Wanafunzi hao waliitwa Kasa. Walipima mwendo wa wastani wa soko kwa siku, wakauita N. Waliongeza fungu jipya kila bei iliposonga nusu ya N upande wao, hadi mafungu manne. Stopu ya kila fungu ilikaa N mbili chini ya bei ya kununulia, na kila walipoongeza fungu walipandisha stopu za yale ya mwanzo kwa nusu ya N.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo ya kuzingatia. Mafungu manne, kila moja likiwa na stopu ya N mbili isiyosogea, yangebeba hatari ya N nane. Kwa kupandisha, stopu zote ziliishia mahali pamoja na hatari ya mafungu yote ilikuwa N tano. Kasa waliongeza mzigo wakijua mapema, kabla ya fungu la kwanza, jumla ya hasara itakuwa kiasi gani fungu la nne likishaingia.

Stopu moja au stopu tatu?

Baadhi ya matreda hupenda kuipa kila theluthi stopu yake. Wakia ya 2,400 inapewa stopu 2,390, ya 2,406 inapewa 2,396, ya 2,412 inapewa 2,402. Kila moja inahatarisha dola 10, jumla 30, na hesabu inapendeza.

Katika ile safari ya nne, bei iliposhuka hadi 2,395, treda huyu anatolewa theluthi ya tatu na ya pili na kupoteza dola 20. Ya kwanza inabaki hai na kufika 2,430 na faida ya dola 30, hivyo anamaliza na dola 10 mkononi. Ni afadhali sana kuliko mwenye stopu moja ya 2,396, aliyepoteza 30. Stopu tatu humtoa mtu hatua kwa hatua, kama alivyoingia.

Lakini zina udhaifu wake. Theluthi ya tatu, iliyonunuliwa ghali kuliko zote, ina stopu iliyo karibu zaidi na bei, kwa hiyo karibu kila mapumziko ya kawaida ya soko yataiondoa. Treda anayefanya hivi kwa muda mrefu anaweza kufungua orodha ya biashara zake na kukuta theluthi ya kwanza inaleta faida, ya pili inajilipia, na ya tatu inakula kile kilicholetwa na wenzake. Akiona hivyo mwezi baada ya mwezi, vituo vyake vya kuongezea viko karibu mno na shabaha au mbali mno na mabonde ya soko. Suluhisho ni kuviweka upya au kuacha fungu la tatu.

Kuna jambo la kiufundi pia. MetaTrader 5 ina akaunti za aina mbili. Katika ile iitwayo hedging kila oda husimama peke yake na kubeba stopu yake. Katika ile iitwayo netting oda zote za bidhaa moja huunganishwa kuwa posisheni moja yenye wastani mmoja na stopu moja. Anayepanga stopu tatu kwenye akaunti ya netting atagundua kwamba mpango wake haupo. Aina ya akaunti iangaliwe kabla.

Na kuna oda zinazosahaulika. Treda huweka Buy Stop kwenye 2,406 na 2,412 ili programu imnunulie mwenyewe akiwa kazini. Theluthi ya kwanza inagongwa stopu kwenye 2,390, wazo limekufa, lakini oda mbili bado zinasubiri. Kesho yake bei inaruka juu kwa sababu nyingine kabisa, inazijaza zote mbili, na mwenye akaunti anajikuta ameshika mzigo ambao hakuwa na sababu nao tena. Stopu ya theluthi ya kwanza ikigongwa, kazi ya kwanza ni kufuta oda zilizobaki.

Theluthi zinazoshuka na bei

Mtindo wa tatu ni wa kununua bei ikishuka. Treda anasema hajui hasa bei itageukia wapi kati ya 2,400 na 2,392, kwa hiyo ananunua wakia moja 2,400, nyingine 2,396, ya mwisho 2,392. Wastani wake zikiingia zote ni 2,396. Kwa dola 30 za kupoteza, stopu inaweza kukaa 2,386: dola 14 kwa ya kwanza, 10 kwa ya pili, 6 kwa ya tatu.

Faida yake ni ya kweli. Stopu imekwenda chini zaidi bila kuongeza hatari. Bei ikichovya hadi 2,388 kisha ipande, wa mkupuo mwenye stopu 2,390 ametolewa, na huyu amebaki ndani na mzigo wote. Ikifika 2,430 anapata 30, 34 na 38, jumla dola 102.

Hata hivyo mtindo huu una mteremko ambao mwenye kuutumia lazima aukubali. Wazo likiwa bovu, bei inapita kwenye vituo vyote vitatu ikielekea kwenye stopu, kwa hiyo kila anaposhindwa anashindwa na mzigo mzima. Wazo likiwa bora kabisa, bei inaondoka 2,400 bila kugeuka nyuma, na yeye amebaki na wakia moja. Inapofika 2,430 amepata dola 30, wakati wa mkupuo amepata 90. Ushindi mwepesi anaupata kwa theluthi, kushindwa anakupata kwa ukamilifu. Ili mtindo huu ulipe, soko analofanyia liwe lile linalochovya kabla ya kupanda, na stopu isiguswe kwa hali yoyote.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa. Bei inashuka kuelekea 2,386 na inakaribia kumtoa. Anashawishika kuisogeza stopu hadi 2,380 na kuongeza wakia moja kwenye 2,386 ili ashushe wastani. Sasa ana wakia nne kwa wastani wa 2,393.5, umbali wa dola 13.5 hadi kwenye stopu mpya, na hatari ya dola 54. Ameondoka kwenye asilimia 1 akafika 1.8 kwa hatua moja. Mpango wa theluthi tatu hauna theluthi ya nne. Ikitokea, mpango umekwisha na kilichobaki ni kutumaini.

Mwisho wa njia hiyo umeandikwa katika historia ya fedha. Nick Leeson, treda wa benki ya Kiingereza ya Barings huko Singapore, alikuwa ameshika mikataba ya hisa za Japani iliyohitaji soko lisianguke. Tetemeko la Kobe lilitokea tarehe 17 Januari 1995 na soko likashuka. Badala ya kufunga, aliongeza ununuzi huku akificha hasara kwenye akaunti nambari 88888. Mwezi uliofuata benki iliyoanzishwa mwaka 1762 ilifilisika kwa hasara ya pauni milioni 827, ikauzwa kwa kampuni ya ING kwa pauni moja. Leeson aliongeza mzigo bei ikimpinga bila mahali pa kukubali kwamba wazo limekufa.

Kikomo cha stopu yenyewe

Hesabu zote hizi zinachukulia kwamba stopu ikiwekwa 2,390 treda atatoka 2,390. Mara nyingi hutoka hapo au senti chache pembeni. Lakini stopu ni amri ya kuuza kwa bei itakayopatikana, na ipo siku bei hiyo iko mbali.

Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliondoa ghafla kizuizi ilichokuwa imekiweka tangu Septemba 2011 cha kuizuia yuro isishuke chini ya faranga 1.20. Ndani ya dakika chache yuro ilikuwa imeanguka chini ya faranga moja. Waliokuwa wamenunua yuro wakiwa na stopu kwenye 1.19 walijikuta wametolewa chini sana ya hapo. Baadhi ya akaunti zilibaki na deni, tawi la Uingereza la broka Alpari lilifilisika, na kampuni ya FXCM iliokolewa kwa mkopo wa dola milioni 300.

Siku kama hiyo mpangilio wa stopu hausaidii. Kinachoamua ni ukubwa wa mzigo ulioko sokoni wakati huo. Aliyekuwa na theluthi ya kwanza tu angeumia theluthi. Aliyekwisha kuingiza zote tatu hana tofauti na wa mkupuo. Dhahabu nayo hufunga mwishoni mwa wiki na inaweza kufungua Jumatatu mbali na ilipoishia Ijumaa. Ndiyo maana baadhi ya wanaogawa hawaongezi theluthi ya tatu Ijumaa jioni.

Uchague ipi?

Mkupuo unamfaa mtu ambaye chati yake ina mahali pamoja, karibu na wazi, ambapo wazo linakufa, na ambaye biashara yake ni ya saa chache. Kugawa hapo kunamnyima faida na kumlazimisha kubana stopu bila sababu. Unamfaa pia mwenye akaunti ndogo ambaye loti 0.01 ndiyo mzigo wake wote, kwa kuwa hana cha kugawa.

Theluthi za kufuata bei juu zinafaa biashara ya siku au wiki kadhaa, ambamo soko lina muda wa kutengeneza mabonde mapya na kumpa treda mahali pa kusogezea stopu. Theluthi za kushuka na bei zinamfaa tu mwenye eneo la kununulia lenye mipaka, ambaye ameihesabu hasara ya zote tatu kabla ya kununua ya kwanza, na ambaye ameshaweka stopu yake na hataigusa.

Vyovyote utakavyochagua, fanya hesabu moja kabla ya kubofya. Andika bei zote tatu unazokusudia kuingilia. Toa stopu kutoka kwa kila moja, jumlisha tofauti hizo, zidisha kwa wakia za kila fungu. Jumla hiyo ikizidi kiasi ulichojiruhusu kupoteza, punguza mzigo au tafuta mahali pengine pa kuongezea ambapo stopu inaweza kupanda kwa haki. Ukishindwa vyote viwili, ingia kwa mkupuo na mzigo mdogo, au uiache biashara hiyo ipite.